Nikotini ni ileile, mbona sigara inakamata haraka?

"Si nikotini ni ileile tu, iwe sigara au plasta ya kubandika, uteja si uleule?"

Hapana ndugu yangu, kinachokamata ni spidi. Ukivuta, nikotini inaingia kwenye damu ya mapafu, inarudi moyoni na moyo unaisukuma moja kwa moja kichwani, sekunde 10 hadi 20 tu imeshafika na dopamini, kemikali ya raha ubongoni, imepanda, yaani sigara bado iko vidoleni na ubongo umeshaunganisha ule mvuto na raha. Mtu wa sigara 20 kwa siku, kila moja mivuto kama 10, anaufundisha ubongo wake mara 200! Plasta inapenya ngozi taratibu, masaa kadhaa ndo ifike kileleni, hakuna ule mpando wa ghafla, ndo maana inatumika kumsaidia mtu kuacha sigara.