Uchambuzi wa maswali: mtihani nao hupimwa

Mwalimu akimaliza kutunga mtihani huusoma mara mbili, humpa mwenzake naye ausome, kisha huupeleka kurudufu. Wote wawili wanalijua jibu, na hapo ndipo tatizo linapoanzia. Anayejua jibu haoni swali lilivyo, huona alichokusudia kuuliza. Kasoro itaonekana pale tu swali litakapofika kwa mtoto asiyejua mtungaji alikuwa na nini kichwani.

Kwa sababu hiyo, mtihani mpya hujaribishwa kwanza kwa kundi dogo, na majibu ya kundi hilo hutumika kuwapima watunzi, si wanafunzi. Kazi ya kuyasoma majibu hayo swali kwa swali huitwa uchambuzi wa maswali.

Tuseme shule sita za kata moja zinaandaa mtihani wa ujirani mwema wa Sayansi, darasa la sita, maswali 40 ya kuchagua. Kundi la majaribio linatakiwa lifanane na watakaofanya mtihani wenyewe: darasa lilelile, mada zilezile zimeshafundishwa, wakali na wanaosuasua wamo. Lakini wasiwe haohao. Wanatafutwa wanafunzi 40 wa shule ya kata nyingine, wanapewa muda kamili, na mwisho karatasi zote zinakusanywa, hata zile za kukokotolea. Karatasi moja ikibaki mfukoni mwa mtoto, swali litafika kijiweni kabla ya mtihani.

Zikishasahihishwa, karatasi hupangwa kuanzia yenye alama nyingi hadi yenye alama chache. Chukua 11 za juu kabisa na 11 za chini kabisa. Zile 18 za katikati ziweke kando. Namba hiyo haikuokotwa tu. Mwaka 1939, Mmarekani Truman Kelley alionyesha kwamba asilimia 27 ya kila upande ndiyo inayofaa zaidi: makundi mawili yanakuwa mbali vya kutosha kutofautiana, na bado kila moja lina watu wa kutosha kuhesabika. Asilimia 27 ya 40 ni kama 11.

Sasa twende kwenye swali la 17: «Mimea hutumia gesi gani? A. Naitrojeni B. Oksijeni C. Kabonidayoksaidi D. Haidrojeni.» Mwongozo wa usahihishaji unasema C. Kundi la juu: watano wamechagua C, sita wamechagua B. Kundi la chini: sita C, wawili B, wawili A, mmoja D.

Kipimo cha kwanza ni ugumu. Jumlisha waliopata katika makundi yote mawili, ugawe kwa idadi yao: 11 kwa 22, yaani 0.50. Nusu wamepata, nusu wamekosa. Anayeishia hapa atalipitisha swali hili kwa furaha, maana si rahisi mno wala si gumu mno.

Kipimo cha pili ndicho kinachofichua: je, swali linamtenganisha anayejua na asiyejua? Toa waliopata wa kundi la chini kutoka kwa waliopata wa kundi la juu, ugawe kwa ukubwa wa kundi moja: 5 kutoa 6, kwa 11. Unapata hasi 0.09. Kwa kawaida swali la 0.40 na kuendelea huhesabiwa kuwa zuri, la chini ya 0.20 hutiliwa shaka, na likienda hasi maana yake wanaofanya vibaya mtihani mzima ndio wanaolipata zaidi kuliko wanaofanya vizuri.

Ila tusikimbilie kalamu nyekundu. Kwenye kundi la watu 11, mtoto mmoja akibadili jibu, kipimo kinasogea kwa 0.09. Kwa hiyo hasi yetu ni mtoto mmoja tu. Huenda kesho ingekuwa sifuri. Kwa idadi ndogo hivi, namba ni kama king'ora: inakuambia uende ukaangalie, haikuambii umeona nini. Cha kuangalia ni jinsi majibu yalivyosambaa.

Na hapa misambao ina lugha yake. Kundi la juu likijazana karibu lote kwenye jibu moja ambalo si la mwongozo, anza kwa kuukagua mwongozo wenyewe. Mara nyingi mtu aliandika B akimaanisha D. Kundi la juu likitawanyika A mpaka D bila mpangilio, wanabahatisha: ama mada haikufundishwa, ama sentensi haieleweki. Lakini likigawanyika mara mbili, nusu huku nusu kule, kama hapa, jua kuna uwezekano swali lina majibu mawili yanayoteteka.

Waite watatu kati ya wale sita waliochagua B, uwaulize kwa nini. Hakuna hesabu inayoshinda mazungumzo haya ya dakika tano. Watakwambia: «Mwalimu, mimea nayo hupumua, na ikipumua inatumia oksijeni.» Na wako sahihi kabisa. Mtungaji alikuwa anawaza usanisinuru, lakini neno hilo lilibaki kichwani mwake. Wale wa chini waliokariri kwamba mimea inatumia kabonidayoksaidi wakapata alama, na waliofikiri zaidi wakakosa. Yaani swali liliwaadhibu waliosoma sura mbili badala ya moja.

Linaandikwa upya: «Mmea unapotengeneza chakula chake kwa msaada wa mwanga wa jua hutumia gesi gani?» Majibu manne ni yaleyale. Linajaribishwa tena kwa wanafunzi wengine 40, kwa sababu wale wa kwanza wameshaliona. Safari hii kundi la juu wanapata kumi, kundi la chini watano. Ugumu ni 0.68, utenganishaji 0.45.

Kuna maswali ambayo vipimo hivi huyasingizia. Swali la kwanza la kumtuliza mtoto, ambalo wote 22 wamelipata, litatoa sifuri kwenye utenganishaji, na halina kosa lolote. Maswali ya mwisho nayo yanaweza kuonekana magumu kumbe muda uliisha; ukiona kuanzia la 36 karatasi nyingi ziko tupu, cha kurekebisha ni saa au idadi ya maswali. Pia kumbuka kwamba «juu» na «chini» vimepatikana kwa mtihani huuhuu unaouchunguza. Mtihani wenye maswali mabovu kumi utapanga vibaya hata makundi yenyewe, na hapo hesabu yote inasimama kwenye mchanga. Ndiyo maana huondolewa kwanza yale yenye kosa la wazi, karatasi zikapangwa upya, kisha ukahesabu tena.

Bado swali la 17 lina jambo moja dogo. Haidrojeni imechaguliwa na mtoto mmoja tu katika makundi mawili, raundi zote mbili. Jibu lisilomshawishi hata asiyejua halifanyi kazi. Swali la majibu manne linakuwa kama la matatu, na anayebahatisha anaongezewa nafasi. Katika kikao mtu atapendekeza iwekwe «mvuke wa maji». Mwingine atakumbusha kwamba maji nayo hutumika kwenye usanisinuru, na yule mtoto wa oksijeni angerudi tena na hoja yake. Haidrojeni inabaki.