Mkono wa Idd haukopeshwi: kuhariri salamu na ofa za sikukuu

Kila ikikaribia sikukuu, meza yangu hujaa rasimu za meseji za wateja. Nyingi zimeandikwa kwa nia njema na watu wanaoisherehekea sikukuu yenyewe, au wanaodhani wanaijua. Nachukua moja niliyoletewa mwishoni mwa Ramadhani ya mwaka 2025 kutoka kampuni ya huduma za fedha, yenye wateja wa kila dini na wengi wao wana ndugu nje ya nchi. Ilisomeka hivi:

"Idd Mubarak! Leo sote tunasherehekea. Pokea mkono wa Idd kutoka kwetu: mkopo hadi sh 500,000 kwa riba nafuu. Jibu IDD kupata ofa. Ni leo tu", kisha emoji ya mwezi mwandamo.

Ukiisoma haraka huoni kosa. Hakuna tusi wala dharau. Tatizo ni yale ambayo kila neno linamdhania msomaji.

Anza na "leo". Mwezi wa Kiislamu una siku 29 au 30, na Idd husubiri mwezi uandame. Ndiyo maana kalenda zetu huandika sikukuu hiyo na maneno "kutegemea mwandamo wa mwezi". Mwaka huo Saudia walisali Idd Jumapili tarehe 30 Machi, Oman wakasali Jumatatu tarehe 31. Huku kwetu Tanzania wapo wanaosubiri tangazo la Mufti, na wapo wanaofuata mwezi ukionekana popote duniani. Nyumba mbili za mtaa mmoja zinaweza kupishana siku. Meseji iliyopangwa kwenye mfumo itoke yenyewe Jumapili saa 12 asubuhi ingemkuta mteja mmoja akitoka kuswali na mwingine bado amefunga. Kampuni haina kazi ya kuamua nani yuko sahihi. Tulifuta "leo", tukaacha salamu isiyotaja siku, ikatumwa kwa mkono na mtu aliyepo zamu baada ya mwezi kutangazwa. Aliyeswali jana haisomi kama kosa, na wa kesho yake pia.

"Sote tunasherehekea" nayo iliondoka. Mteja Mkristo anaijua Idd vizuri, pengine ndiye anayeletewa sahani ya pilau na jirani, lakini sikukuu si yake, na hakuna ubaya kusema hivyo. Wengine hapo hukimbilia kuipa salamu jina la jumla, "heri ya msimu wa sikukuu", ili asikwazike mtu. Mimi siipendi njia hiyo. Mwislamu aliyefunga mwezi mzima anastahili kusikia sikukuu yake ikitajwa jina. Tukaandika "Idd Mubarak kwa wateja wetu Waislamu na familia zenu". Wasio Waislamu wakiipata, wanaona jirani zao wanasalimiwa, na wao hawajavishwa kanzu ya watu.

Mtu wa mauzo aliuliza kwa nini tusiwachague Waislamu kwa majina yao, salamu iwafikie wao tu. Majina yanadanganya. Rehema, Baraka na Imani utawakuta msikitini na kanisani, na kuna aliyebadili dini bila kubadili jina. Isitoshe, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaihesabu imani ya dini kuwa taarifa nyeti. Orodha ya "wateja Waislamu" iliyobuniwa kwa kukisia majina si jambo la kuwekwa kwenye kompyuta ya ofisi kwa ajili ya meseji moja.

Sasa lile lililonifanya niweke kalamu chini: mkono wa Idd ukiwa mkopo. Mkono wa Idd ni kile kinachotiwa kwenye kiganja cha mtoto anayepita nyumba kwa nyumba na nguo mpya, na hakirudishwi. Bibi mmoja mteja, tulipomsomea rasimu kabla ya kuituma, aliuliza, "Mwanangu, mkono wa Idd hukopeshwa?" Na mkopo wenyewe una riba. Kiswahili cha benki na Kiswahili cha msikitini vinatumia neno hilohilo, na msikitini linatajwa kama jambo lililoharamishwa. Kumpongeza mtu kwa kumaliza mfungo na sentensi ya pili kumwita kwenye riba ni kumkosea, hata kama mwenyewe ana mkopo mahali.

Hapa kuna mtego wa mhariri. Usibadilishe "riba" ikawa "ada" au "faida" ili isomeke vizuri. Gharama ni ileile, na hapo umetoka kwenye kukosa adabu ukaingia kwenye udanganyifu. Dawa ni kuutoa mkopo kwenye salamu kabisa. Utangazwe wiki nyingine, na riba yake iandikwe riba.

Badala yake tuliuliza wateja wanafanya nini siku zile. Jibu likaja lenyewe: wanatuma pesa. Zakatul fitri hutolewa kabla ya swala ya Idd, pishi ya chakula kwa kila mtu wa nyumba, kama kilo mbili na nusu za mchele, na wengine hutoa thamani yake. Juu yake kuna nauli za watoto na nguo za wazazi kijijini. Ofa ya maana ingekuwa kufuta ada ya kutuma pesa, na ingeanza kabla ya Idd, maana baada ya swala zakatul fitri imepitwa na wakati wake. Basi meseji ikagawanyika. Ya kwanza ilitoka tarehe 27 Machi: "Kutuma pesa ni bure kwa wateja wote kuanzia leo hadi 1 Aprili. Mfungo mwema kwa wanaofunga." Tarehe ni za kalenda ya kawaida, hazitegemei mwezi, na ofa ni ya wote. Ya pili ilikuwa salamu peke yake, bila bei.

"Jibu IDD" ilikufa kimyakimya. Kama ofa ni ya wote, asilazimishwe mtu kuandika jina la sikukuu isiyo yake ili apate punguzo. Utaliona hili zaidi Desemba: Mashahidi wa Yehova hawasherehekei Krismasi, na "Jibu KRISMASI" inawafungia mlango. Neno OFA linatosha.

Emoji ya mwezi niliitoa kwa sababu ya fedha. Meseji ya herufi za kawaida hubeba herufi 160. Ukitia emoji moja tu, uwezo unashuka hadi 70, na ikigawanyika kila kipande hubeba 67. Rasimu ile ingelipiwa meseji moja. Ikiwa na emoji ile ingelipiwa tatu. Alama iliyopinda kwenye neno ng’ombe ukiinakili kutoka Word huleta hasara hiyohiyo, jambo la kukumbuka Idd el Haj.

Pasaka ina kosa la namna yake. Wiki chache baadaye mwenye mgahawa aliniletea bango: "Sherehekea Ijumaa Kuu na nyama choma". Ijumaa Kuu ni siku ya kifo cha Yesu. Wakatoliki siku hiyo hufunga na hawali nyama, na hata kengele za kanisa hunyamaza. Nikamwambia ofa aihamishie Jumapili, maneno yawe "Heri ya Pasaka", na Ijumaa aweke samaki kwenye menyu bila kupiga tarumbeta. Aliniuliza kama samaki nao wanahitaji bango. Nikamwambia hapana, waandikwe tu ubaoni na bei yao.