Hasi 40 si mwisho wa baridi

Nimeisikia tena juzi ile dhana kwamba hasi 40 ndiyo mwisho wa baridi, na sasa naandika jibu ili nisilirudie mdomoni. Tulikuwa karakana, Kariakoo, tunajaribu jokofu la maabara, lile linaloshuka hadi hasi 80. Kijana ninayemfundisha kazi akawa anabonyeza kitufe cha kipimajoto: °C, °F, °C. Namba ikagoma kubadilika: -40. "Mzee, hapa baridi imefika mwisho. Vipimo vimekuwa kimoja."

Hapana! Nikamwambia asubiri. Jokofu likaendelea kushuka, na lilipofika -50 °C alibonyeza tena akakuta -58 °F. Skeli zilikutana, zikapishana, kila moja ikaenda zake.

Anza pale maji yanapoganda. Selsiasi inasoma 0, Farenhaiti inasoma 32, yaani imetangulia kwa 32. Kutoka kuganda hadi kuchemka, Selsiasi ina nyuzi 100 na Farenhaiti ina 180, kwa hiyo kila nyuzi 5 za Selsiasi ni 9 za Farenhaiti. Sasa shuka. Kila Selsiasi inapopungua 5, Farenhaiti inapungua 9, na pengo linaliwa kwa 4. Pengo la 32 linakwisha kwa hatua 8. Hatua 8 za nyuzi 5 ni 40 chini ya sifuri. Upande wa pili, 8 mara 9 ni 72, na 32 toa 72 ni -40.

Kwa aljebra, iite x ile namba inayosomeka sawa pande zote:

```
x = 9x/5 + 32
5x = 9x + 160
-4x = 160
x = -40
```

Jibu ni moja tu, kwa sababu ukichora x na 9x/5 + 32 unapata mistari miwili yenye miinuko tofauti, na mistari ya namna hiyo hukatana mara moja.

Kinachonikera hasa ni hiki: namba kuwa sawa hakufanyi nyuzi kuwa sawa. Hata pale pale kwenye -40, uzi mmoja wa Selsiasi bado ni 1.8 za Farenhaiti. Kijana aliandika kwenye daftari kwamba jokofu limeshuka 10 °C, "sawa na 50 °F". Alizidisha akapata 18, kisha akajumlisha 32. Ile 32 ni ya kusahihisha mahali sifuri ilipowekwa. Kwenye tofauti ya joto sifuri haihusiki, basi haijumlishwi. Jokofu lilishuka 18 °F. Kosa hili nimeliona hata kwa mafundi wa miaka mingi, na linaharibu vipimo vya kazi.

Na kioo chenyewe nacho usikiamini sana. Kipimajoto kisichoonyesha desimali kikiwa kwenye -39.6 °C kitaandika -40, lakini ukibonyeza °F joto ni -39.28, nacho kitaandika -39. Kijana wa pili alipoliona hilo alitaka kukirudisha dukani. Nikamwambia akiache dakika mbili, jokofu lishuke kidogo, abonyeze tena.