Kipande cha makaburu: sheria ya pasi ilivyotawala na ilivyoporomoka

Mzee wa Kenya aliyewahi kubeba kipande hahitaji maelezo marefu kuhusu pasi ya Afrika Kusini. Kipande kilikuwa karatasi yenye alama za vidole na jina la mwajiri, ikatiwa kwenye kijaluba cha bati na kuning'inizwa shingoni, na Harry Thuku, aliyeongoza upinzani dhidi yake, alikamatwa Machi 1922 na watu wakapigwa risasi nje ya kituo cha polisi Nairobi. Kenya ilikiacha mwishoni mwa miaka ya 1940. Wakati huohuo, mwaka 1948, chama cha makaburu kilishika serikali ya Afrika Kusini na kulichukua wazo hilohilo, kikalijenga upya kwa ukamilifu ambao walowezi wa Nairobi hawakuufikia.

Katika kazi yangu ya kuhifadhi nyaraka na kuzieleza kwa wageni, swali ninaloulizwa mara nyingi ni moja: sheria ile ilifutwaje? Wengi hutaja jina la Mandela na mwaka 1994, nao hawakosei kuhusu mwisho wa utawala wa kibaguzi. Lakini pasi zilifutwa miaka minane kabla ya hapo, Mandela akiwa bado gerezani. Kuelewa sababu yake inabidi kuisoma sheria yenyewe, na hasa kifungu kimoja.

Mwaka 1952 bunge la wazungu lilipitisha sheria ambayo jina lake lilitangaza kufuta pasi. Ndiyo, kufuta. Iliondoa vikaratasi vya aina nyingi vilivyokuwepo na kuweka kitabu kimoja ambacho kila Mwafrika aliyefikisha miaka 16 alipaswa kutembea nacho. Ndani yake mlikuwa na picha, namba ya usajili, kabila, stakabadhi za kodi na ukurasa wa mwajiri. Ukurasa huu wa mwisho ndio uliokuwa na sumu. Mwajiri alitia sahihi kila mwezi, na sahihi ya mwezi ikikosekana, askari aliyekusimamisha njiani alikuhesabu kuwa huna kazi, na asiye na kazi hakuwa na ruhusa ya kuwepo mjini. Watu wakakiita dompas, yaani pasi ya kijinga.

Nani basi alikuwa na ruhusa? Hapo ndipo tunafika kwenye kifungu cha 10 cha sheria ya maeneo ya mijini. Kilisema Mwafrika yeyote asikae mjini zaidi ya saa 72 isipokuwa awe katika moja ya makundi manne. La kwanza ni aliyezaliwa mjini humo na kuishi humo mfululizo. La pili ni aliyemtumikia mwajiri mmoja miaka 10 bila kukatiza, au aliyeishi humo kihalali miaka 15. La tatu ni mke na watoto wa mtu wa makundi hayo mawili, ikiwa kwa kawaida wanaishi naye. La nne ni mtu aliyepewa kibali maalumu, na hili ndilo lilikuwa kundi la mamia ya maelfu ya vibarua wa mkataba waliolala kwenye mabweni ya wanaume peke yao, wake zao wakibaki vijijini. Na vijiji vyenyewe vilikuwa katika ardhi isiyozidi asilimia 13 ya nchi nzima.

Hebu tuangalie kifungu hiki kilivyofanya kazi mtaani. Askari anamsimamisha mtu kwenye stesheni ya treni Johannesburg. Haulizi kosa, anauliza kitabu. Anafungua ukurasa wa kibali, anatazama mhuri, kisha ukurasa wa mwajiri. Kitabu kikiwa kimesahaulika kwenye koti lingine nyumbani, hilo tayari ni kosa la jinai. Mtuhumiwa anapelekwa mahakama maalumu ambako kesi moja ilimalizika kwa dakika chache, mara nyingi bila wakili, naye anatozwa faini au anafungwa, halafu anaweza kugongewa mhuri wa kuondoka mjini. Kati ya mwaka 1916 na 1984 walikamatwa au kushtakiwa kwa sheria za aina hii watu zaidi ya milioni 17. Hakuna sheria nyingine ya ubaguzi iliyomgusa Mwafrika wa kawaida mara nyingi hivyo. Benchi lenye alama ya wazungu tu aliweza kulikwepa kwa kusimama, ila pasi alilala nayo.

Upinzani wa waziwazi ulianza mapema, na waliotangulia walikuwa wanawake. Mwaka 1913 wanawake wa Bloemfontein walikataa pasi na wakafungwa, na serikali ikarudi nyuma kwa miongo kadhaa. Ilipojaribu tena, wanawake wapatao 20,000 walikusanyika Pretoria mbele ya jengo la serikali tarehe 9 Agosti 1956. Lilian Ngoyi, Helen Joseph, Rahima Moosa na Sophia Williams walibeba mafurushi ya malalamiko hadi ofisi ya Waziri Mkuu Strijdom, ambaye hakuwapokea. Wenzao nje walisimama kimya nusu saa nzima, wengine wakiwa na watoto mgongoni. Hata hivyo wanawake nao walilazimishwa kubeba kitabu, na mwaka 1963 kikawa lazima kwao kisheria. Nasema hivi kwa sababu simulizi nyingi za siku hiyo hukomea kwenye maandamano yenyewe na kuacha matokeo.

Tarehe 21 Machi 1960 chama cha PAC cha Robert Sobukwe kiliwaita watu waache pasi nyumbani na wajipeleke polisi wakamatwe, mpaka magereza yajae. Huko Sharpeville polisi walifyatua risasi na kuua watu 69, wengi wakipigwa mgongoni wakikimbia. Siku chache baadaye Albert Luthuli wa ANC aliichoma pasi yake hadharani, na serikali ikasitisha ukamataji kwa muda. Kusitisha huko hakukudumu hata mwezi mmoja. ANC na PAC zikapigwa marufuku, viongozi wakafungwa au wakavuka mipaka, baadhi yao wakifika Dar es Salaam, na vitabu vikarudi mifukoni.

Kwa hiyo maandamano peke yake hayakuivunja pasi. Kilichoivunja kilikuja polepole, na kwa kiasi fulani kilitoka ndani ya maneno ya kifungu chenyewe.

Mwaka 1968 serikali iliona hatari katika kundi la pili. Kibarua anayefanya kazi miaka 10 kwa mwajiri mmoja angekuwa na haki ya kudumu ya kukaa mjini, kisha angemwita mkewe. Dawa yao ilikuwa ya ofisini: mkataba wa mwaka mmoja tu. Kila mwaka mfanyakazi alitakiwa arudi kijijini, apite ofisi ya ajira, agongewe mhuri mpya na kurejea kazini kulekule. Kwa hesabu ya maofisa, kila safari ile ilikata mfululizo, na saa ya miaka 10 ilianza upya kutoka sifuri. Mtu angeweza kutumikia mashine moja hadi mvi bila kufikisha miaka miwili.

Mehlolo Tom Rikhoto alikuwa mmoja wao. Alianza kazi katika kiwanda cha uhandisi Germiston mwaka 1970, na kila mwaka alikwenda nyumbani na kurudi kama alivyoagizwa. Alipoomba haki ya kundi la pili baada ya miaka 10, alikataliwa kwa hoja ileile ya kukatiza. Kituo cha msaada wa kisheria kilichoanzishwa mwaka 1979, ambacho Arthur Chaskalson alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake, kilimfungulia kesi dhidi ya maofisa hao. Hoja ya mawakili ilikuwa nyepesi: mwajiri anayempa mtu likizo akijua atarudi, na mtu anayeondoka akijua anarudi, je, wamekatiza kazi? Mahakama ya Rufaa ilijibu mwaka 1983 kwamba hawakukatiza. Safari ile ilikuwa likizo tu, hata ikiwa na mhuri.

Miaka mitatu kabla yake mahakama hiyohiyo ilikuwa imesikiliza kesi ya mke, Nonceba Komani wa Cape Town. Mumewe alikuwa na haki ya kundi la pili, na sheria ilisema mke anayeishi na mume wa namna hiyo naye anaruhusiwa. Lakini maofisa walimdai kibali cha mpangaji kwanza, wakidai kwamba bila kibali hicho haishi na mumewe kihalali. Mahakama ikasema kanuni ya ofisi haiwezi kumnyang'anya mtu haki ambayo bunge limempa. Mke akabaki.

Tusiwapambe majaji wale. Hawakusema ubaguzi ni haramu, wala hawakuwa na katiba ya kuwaruhusu kusema hivyo. Bunge lilikuwa juu ya mahakama. Walichofanya ni kusoma sheria ya makaburu kama ilivyoandikwa na kuwakatalia maofisa kuongeza chumvi. Udhaifu wa njia hii ulionekana mwaka uleule 1983, pale bunge lilipobadili sheria ili waliopata haki kwa hukumu ya Rikhoto wasiweze kuwaleta wake zao bila nyumba iliyoidhinishwa, huku nyumba zenyewe hazijengwi.

Lakini wakati huo watu walikuwa wameshaacha kusubiri. Crossroads, nje ya Cape Town, wanawake walikuwa wakijenga vibanda vya mabati na plastiki tangu katikati ya miaka ya 1970, vikabomolewa, wakajenga tena usiku. Viwanda vilihitaji mafundi waliotulia, si vibarua wanaosafirishwa kila mwaka, na tangu migomo ya Durban ya 1973 wenye viwanda walikuwa wanajua nguvu za wafanyakazi hao. Kumkamata mtu na kumrudisha kijijini kulikuwa kunagharimu fedha, naye wiki ijayo yuko mjini tena, maana njaa ya kijijini ilimsukuma kwa nguvu kuliko faini ya mjini. Ukitaka kujua kama sheria imekufa kabla haijafutwa, tazama kama anayeadhibiwa bado anaona afadhali kuivunja.

Sheria za pasi zilifutwa tarehe 1 Julai 1986. Zilifutwa katikati ya hali ya hatari, askari wakiwa mitaani, na kwa mapengo. Waliokuwa wameandikwa raia wa bantustani, yaani maeneo waliyotengewa Waafrika kikabila, zilizotangazwa kuwa nchi huru, kama Transkei na Bophuthatswana, waliendelea kuhesabiwa wageni katika nchi waliyozaliwa. Sheria ya kugawa mitaa kwa rangi ilibaki hadi Juni 1991, ilipoondolewa pamoja na sheria za ardhi na ile ya mwaka 1950 iliyomsajili kila mtu kwa rangi yake.

Hata hiyo ya usajili haikuondoka yote siku hiyo. Mtoto aliyezaliwa baada ya kufutwa kwake hakuandikwa rangi. Mama aliyemzaa alibaki na rangi yake kwenye daftari la serikali hadi katiba mpya ilipoanza kazi mwaka 1994.