Penseli, daftari na pasi ya senta: kuitafutia timu ya netiboli cha kufanyia mazoezi

Timu ya wasichana ya shule ikifungwa 29 kwa 17, kesho yake mwalimu huwapanga wafungaji wake, GS na GA, chini ya goli wapige mitupo mpaka jua lizame. Walikosa, kila mtu aliwaona wakikosa. Ila mtupo uliokosa hauna wa kuusahau. Mpira uliopotea mita kumi kabla ya duara la kufungia husahaulika kabla mechi haijaisha.

Katika netiboli kuna kitu kimoja rahisi kuhesabu, nacho ni pasi ya senta. Kila baada ya goli mpira unarudi katikati, na timu hupokezana kuurusha, hata iwe nani kafunga. Kwa hiyo fursa ni sawa kwa pande zote mbili, na swali ni moja tu: pasi yetu ya senta iliishia wapi?

Chukua daftari la mistari, mstari mmoja kwa kila pasi yetu. Ikizaa goli bila mpinzani kuupata mpira, andika G. Ukipotea, andika namba ya mahali: 1 kwa theluthi ya kati, 2 kwa theluthi ya kufungia kabla ya duara, 3 ndani ya duara. Mbele ya namba weka herufi ya sababu: K umekamatwa njiani, S sekunde tatu za kushika mpira zimepita, M kosa la miguu la mwenye mpira, N umetoka nje, T mtupo umekosa na wao wakaudaka. Filimbi ya mapumziko ikiikatiza, weka kistari. Andika upotevu wa kwanza tu. Mpira ukirudi kwetu baadaye na kufungwa, goli hilo linaingia ukurasa mwingine, la sivyo utadhani shambulizi lilikuwa zuri.

Kazi hii apewe mchezaji wa akiba, na jirani yake ahesabu pasi za senta za wapinzani. Mwalimu asiandike, atapiga kelele kumwelekeza WD, mlinzi wa pembeni, na mistari miwili itampita. Kosa kama hilo hujulikana mapema: kwa kuwa timu zinapokezana, hesabu mbili hizi haziwezi kupishana kwa zaidi ya moja. Zikipishana kwa tatu, kuna aliyesinzia.

Sasa tuchukue mfano wa ile 29 kwa 17, vipindi viwili. Kila timu ilirusha pasi za senta 24. Kati ya zetu, 11 zilizaa goli moja kwa moja, moja ilikatizwa na filimbi, 12 zilipotea. Hizo 12 zimekaa hivi: 1 theluthi ya kati, 8 kwenye namba 2, na 3 ni T ndani ya duara. Wafungaji waliolaumiwa wamepoteza tatu. Nane hazikuwafikia kabisa.

Tazama herufi za hizo nane: tano ni K, mbili ni S, moja ni N. K na S zikijazana sehemu moja, mara nyingi ugonjwa ni mmoja: mwenye mpira hana wa kumpa. Anasubiri mpaka sekunde tatu zimpite, au anaurusha mrefu kwa GS na GK wao, mlinzi wa goli, anauruka. Mwandishi wa akiba akiulizwa, huenda akasema WA, mshambuliaji wa pembeni, na GA walikuwa wakikimbilia upande uleule wa kulia. Hilo halimo katika daftari. Daftari limetuambia pa kuangalia tu.

Basi mazoezi ya wiki yaanzie hapo. Senta C, WA, GA na GS dhidi ya mabeki wanne, pasi kumi za senta, WA akienda kulia GA anakata kushoto, na mtu yuleyule anaandika kwa herufi zilezile. Mitupo ipewe dakika kumi za mwisho.

Kwa nini tuandike na zilizopotea? Charles Reep, mhasibu wa Jeshi la Anga la Uingereza, alianza kunukuu mechi za soka kwa penseli mwaka 1950. Akaona magoli mengi hutokana na pasi tatu au pungufu, akahubiri mipira mirefu. Kumbe karibu mashambulizi yote, ya goli na yasiyo ya goli, huwa na pasi tatu au pungufu. Ukihesabu vilivyofanikiwa peke yake, hesabu itakudanganya.

Mechi moja nayo hudanganya. GK hodari mmoja anatosha kujaza K ukurasa mzima, kwa hiyo linganisha walau mechi tatu kabla ya kumbadilisha mtu nafasi. Wala karatasi yenye jina la msichana na makosa yake isibandikwe ubaoni. Safu ya mahali na sababu haina jina, na ndiyo inayopanga mazoezi.