Nyenje hapendi taa yako, na dhana nyingine ninazosikia kila mvua zikianza

Mvua za kwanza zikishaloanisha udongo wa Dodoma, simu yangu huanza kulia kuanzia saa mbili usiku. Anayepiga mara nyingi amepanda juu ya kochi. Nyenje wametapakaa sebuleni, panzi wanagonga vioo, na kabla sijauliza lolote ananiwahi: "Fundi, hata taa kali nimeshafunga pale nje mlangoni ili wabaki huko huko, lakini wapi!"

Kazi yangu ni kudhibiti wadudu majumbani, na hakuna dhana inayoniudhi kama hiyo. Anayeiamini anamlipa fundi umeme, anaongeza matumizi ya luku, kisha ananiita na mimi anilipe, na pesa zote hizo zimetumika kuwaleta wageni anaotaka kuwafukuza.

"Nyenje anapenda mwanga, kwa hiyo mpe wake nje"

Fanya jaribio dogo usiku wa leo. Mkamate nyenje aliyeanguka chini ya taa ya nje, mwachie katikati ya sebule yenye taa inayowaka. Hatakaa kuota mwanga. Atachapuka kwenda chini ya kochi, nyuma ya friji au kwenye kona yoyote yenye giza. Huyu ni mdudu wa gizani. Mchana kutwa hujificha kwenye nyufa za ardhi, chini ya mawe, kwenye majani makavu na rundo la matofali. Akishakuwa na mabawa hutoka usiku, hasa mvua zikinyesha, kutafuta mwenza na udongo wenye unyevu wa kutagia. Safari hiyo ndiyo inayomkutanisha na taa yako.

Akiwa hewani ana tatizo la kujua juu ni wapi. Kwa kiumbe mdogo anayeyumbishwa na upepo, njia rahisi ni kugeuzia mgongo upande unaong'aa zaidi, kwa sababu hata usiku usio na mwezi anga huwa na mwanga kuliko ardhi. Hesabu hiyo ilikuwa sahihi mpaka binadamu walipoanza kuwasha taa. Mdudu akipita pembeni mwa balbu, analaza mgongo kuielekea, njia yake inapinda na anajikuta anaizunguka. Akipita juu yake, anajipindua miguu juu na kuporomoka kama jiwe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha hivyo kwa kamera za kasi kubwa zilizofuata wadudu wengi wanaoruka, wakiwemo nondo na kereng'ende. Kamera hizo ziliona eneo dogo karibu na taa, kwa hiyo hazielezi kila kitu kuhusu mdudu anayetokea mbali, na wapo wachache ambao hawakufuata mtindo huo. Ila kwa mwenye nyumba inatosha kujua hili: taa haimfurahishi nyenje, inampoteza.

Watu wa Bukoba, na majirani zao wa Masaka kule Uganda, hawakuhitaji kamera kuitumia tabia hii. Msimu wa senene husimamisha mabati yanayong'aa, wakafunga balbu zenye nguvu juu yake na kupanga mapipa chini. Senene anachanganywa na mwanga, anagonga bati, anateleza hadi ndani ya pipa. Sasa hebu toka nje uutazame mlango wako: taa nyeupe kali juu, ukuta uliopakwa rangi nyeupe nyuma yake, na chini ya mlango uwazi unaopitisha kidole. Huo ni mtego wa senene, na pipa lake ni sebule yako.

Hapo kwenye uwazi ndipo wengi wanaponipotea. Mdudu haingii ndani kwa kufuata taa peke yake. Taa inamwangusha ukutani, naye akishatua anarudia tabia yake ya asili, anatafuta ufa wenye giza, na ufa wa karibu zaidi ni ule wa chini ya mlango. Kwa hiyo kazi ni mbili tofauti: kupunguza wanaoanguka ukutani, na kuwanyima mlango walioanguka. Ukifanya moja tu utaona nafuu kidogo kisha utasema mafundi ni matapeli.

Nikupe mfano wa gesti moja nje kidogo ya mji, yenye vyumba kumi na viwili, iliyopakana na shamba lililolala. Mama mwenye gesti alikuwa amefunga taa mbili za ulinzi za wati 50 juu ya mlango wa mapokezi, na katikati yake ile mashine yenye taa ya bluu inayounguza wadudu. Wageni walikuwa wanahama vyumba usiku kwa kelele. Alikuwa amepiga dawa ndani mara tatu ndani ya mwezi mmoja, na kila mara waliokufa asubuhi walizolewa, wapya wakaingia jioni.

Sikufungua hata dumu la dawa siku hiyo. Saa mbili na nusu usiku nilimwomba mlinzi ashike tochi tukahesabu wadudu kwenye kipande cha ukuta cha mita moja kwa mita moja kando ya mlango. Tulipata nyenje na panzi 43. Tukazima taa zote tatu, tukafagia ukuta, tukakaa saa nzima tukinywa chai gizani, tukahesabu tena. Walikuwa 6. Mama akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Ina maana nimekuwa nawaalika mwenyewe, baba?"

Tulichofanya ni hiki. Mashine ya bluu iliondoka mlangoni, maana mwanga wa bluu na ule wa urujuani usioonekana na macho yetu ndio unaowavuta wadudu wengi zaidi, na nyenje akishavutwa mara nyingi anaanguka chini bila kugusa waya. Taa za ulinzi zilihamishiwa kwenye nguzo karibu na geti, zikavishwa kofia na kuelekezwa chini, si kuelekea jengo. Ukizielekeza kwenye ukuta mweupe, ukuta wenyewe unageuka taa. Mlangoni tukaweka balbu ndogo ya wati 5 yenye rangi ya njano, inayowaka mtu akikaribia tu. Mapazia mazito yakashushwa kuanzia magharibi, kwa sababu dirisha linalong'aa nalo ni taa.

Kisha milango. Nyenje anajibana na kupita mahali ambapo hungedhani, hata kwenye nafasi ya nusu sentimita. Tulifunga mipira ya kuzibia chini ya kila mlango unaotoka nje mpaka ikagusa sakafu, tukaweka wavu kwenye matundu ya maji machafu, tukashona neti za madirisha zilizochanika. Kipimo chake ni rahisi: usiku mtu mmoja abaki ndani na taa, mwingine asimame nje gizani. Panapopenya mstari wa mwanga, mdudu atapita. Mwisho tukafyeka majani hadi mita mbili kutoka ukutani na kuhamisha matofali yaliyoegemezwa nyuma ya jiko, ambako ndiko walikokuwa wanashinda mchana.

Dawa nilipiga wiki iliyofuata, nje tu, kwenye ukanda wa chini ya ukuta na ardhi inayougusa, kwa kipimo cha kwenye kibandiko. Sijasema dawa haina kazi. Dawa ya ndani inaua aliyeingia. Haina habari na mia wanaotua ukutani kesho.

"Balbu ya njano inafukuza wadudu"

Haifukuzi mtu. Inawavuta wachache kuliko nyeupe, basi. Macho ya wadudu wengi yanaona vizuri zaidi urujuani, bluu na kijani, na balbu nyingi nyeupe za kisasa zina bluu ya kutosha ingawa sisi tunaona weupe mtupu. Dukani soma boksi: 3000K au chini yake ni afadhali, 6500K ni ya kumkaribisha kila panzi wa mtaa. Balbu ya njano yenye wati nyingi bado ni mtego.

"Kelele hizi, lazima wapo mia"

Mara nyingi ni mmoja. Dume mmoja tu, kwa sababu majike hawaimbi. Anasugua mabawa ya mbele, si miguu kama wengi wanavyodhani. Bawa moja lina mstari wa meno kama msumeno mdogo na jingine lina ukingo unaokwaruza meno hayo. Sauti ni nyembamba sana na inagonga kuta, ndiyo maana sikio linakudanganya, unainua zulia huku yuko nyuma ya kabati. Na ukikanyaga kwa nguvu ananyamaza, kwani ana vipapasio viwili nyuma vinavyohisi hata hewa ikisogea.

Wawindeni watu wawili. Zimeni taa, kila mtu asimame kona yake peku, msubiri aanze tena, kisha kila mmoja anyooshe mkono kuelekea anakosikia. Mikono inapokutana ndipo alipo. Kama umechoka, acha kadibodi yenye gundi imelala imegusa ukuta nyuma ya friji, kwenye joto na giza, maana wanatembea wakifuata ukuta. Chumba kikiwa cha baridi ataimba polepole zaidi, hivyo mwenye kiyoyozi anaweza angalau kulala huku akisubiri gundi.

"Nimenunua kifaa cha kuchomeka kwenye soketi kinachotoa mawimbi ya sauti ya kufukuza wadudu"

Pole. Huko Marekani, mwaka 2001 Tume ya Biashara iliwaandikia watengenezaji na wauzaji zaidi ya 60 wa vifaa hivyo ikiwakumbusha kwamba madai yao yanahitaji ushahidi wa kisayansi. Nimewahi kumkuta nyenje anaimba sentimita chache kutoka kwenye kimoja.

"Wamezaliana sebuleni, na watamaliza nguo zote"

Nyenje jike anachomeka mayai kwenye udongo wenye unyevu, si kwenye terazo. Pekee ninapopakagua ndani ni vyungu vya maua vinavyomwagiliwa kila siku. Panzi ndiye asiyekuhusu kabisa. Anataka majani, atakufa dirishani baada ya siku chache, labda akishatafuna miche uliyoiotesha barazani, kwa hiyo ifunike kwa neti jioni.

Nguo ni kweli zinaweza kutobolewa, ila nyenje anaanza na zenye jasho au matone ya mchuzi. Wateja hunionyesha suti iliyofuliwa na kufungiwa kabatini mwaka mzima wakimsingizia nyenje. Hiyo ni ya funza wa nondo. Ya nyenje ni ile fulana ya mazoezi iliyolala sakafuni tangu Jumapili.