Benchimaki moja haitoshi: jinsi ninavyogeuza vimo vya GPS kuwa vimo vya levo

Nimeulizwa mara nyingi na wenzangu waliozoea levo na stafu, eti mbona nimesimama na rova, ile risiva ya GPS ya kutembea nayo, juu ya benchimaki, alama yenye kimo kinachojulikana, na kontrola ya mkononi inanipa kimo kinachopishana na cha kwenye karatasi kwa mita 16, risiva ni mbovu? Hapana, risiva iko sawa kabisa, ila inapima kitu kingine.

Satelaiti hazijui bahari iko wapi. Kimo cha GPS kinahesabiwa kutoka kwenye elipsoidi, yaani umbo la kimahesabu la dunia, laini, limebonyea kidogo huku juu na chini basi, halina habari na mvuto. Sasa maji yanafuata mvuto, na ule uso ambao bahari ingetulia kama kusingekuwa na upepo wala mikondo, ukauendeleza mpaka chini ya nchi kavu, ndo jioidi. Levo yako ukiisawazisha kwa kiputo unaisawazisha na mvuto huohuo, ndo maana miaka yote umepiga levo bila kusikia habari ya jioidi, ilikuwa imeshaingia yenyewe kwenye kiputo. Pengo kati ya elipsoidi na jioidi tunaliita N, na si dogo: kusini mwa Sri Lanka jioidi imezama zaidi ya mita 100 chini ya elipsoidi, na upande wa Papua New Guinea imepanda mita 80 na zaidi. Hesabu yenyewe ni mstari mmoja:

```
H = h - N
```

h ni cha GPS, H ndo unachokitaka, na N ina alama yake, jioidi ikiwa chini ya elipsoidi N ni hasi kwa hiyo kutoa hasi ni kujumlisha. N unaitoa kwenye modeli ya jioidi, mimi natumia EGM2008, naweka latitudo na longitudo kwenye faili, pointi moja kwa mstari, halafu naipa programu ya GeoidEval:

```
GeoidEval -n egm2008-1 < pointi.txt
```

Inakurudishia N ya kila pointi. N hubadilika polepole sana ardhini kwa hiyo hata nafasi yako ikiwa imekosea mita kadhaa, N haitikisiki.

Tuchukue mfereji wa kilomita 6, maji yanatakiwa yatembee yenyewe. Mwanzoni kuna benchimaki A yenye kimo cha levo 1204.318. GPS pale imesoma h 1187.902 na modeli inasema N ni -16.742, kwa hiyo H ya modeli ni 1204.644. Haijalingana na karatasi, iko juu kwa sentimita 32.6, na hilo lisikushtue, kwa sababu modeli ya dunia nzima inaweza kukosea desimita kadhaa mahali fulani, na pia sifuri ya benchimaki zako ilitokana na kipimo cha bahari cha sehemu moja zamani, si lazima ikae juu ya jioidi ya modeli. Dawa ni kushusha pointi zote kwa 0.326 ili A ikae kwenye kimo chake. Hapo mwisho wa mfereji, pointi B, h ni 1184.871 na N ni -17.098, unapata 1201.969, ukishusha 0.326 inakuwa 1201.643. Mfereji unashuka mita 2.675.

Sasa angalia kitu kimoja. Ukichukua h tupu za GPS, A na B zinapishana mita 3.031. Yaani aliyesema "mimi nahitaji tofauti tu, jioidi ya nini" amejipa sentimita 35.6 za mteremko ambazo maji hayatazipata, kwa sababu jioidi yenyewe inashuka karibu sentimita 6 kila kilomita kuelekea B. Na kwenye tambarare ambako mfereji una mteremko mdogo kuliko huo, na jioidi ikiwa inapanda upande wa maji yanakokwenda, h inaweza kukuonyesha ardhi inapanda wakati maji yanashuka kweli.

Lakini kilichowahi kunichoma mimi ni kingine. Kontrola ilikuwa tayari imewekewa modeli ya jioidi na mtu aliyeitumia kabla yangu, ikanipa H, mimi nikadhani ni h, nikatoa N tena. Ningeliona kosa la mita 17 papo hapo, si ndiyo? Sikuliona, kwa sababu nilifunga kazi kwenye A, na ile hatua ya kushusha pointi zote ikameza mita 17 zote kimya kimya. Kwenye A kila kitu kilikaa sawa hadi milimita. Hiyo ndo hatari ya benchimaki moja, inaficha kosa lolote ambalo ni namba ileile kila mahali na kukuachia mteremko wa uongo tu.

Kwa hiyo lazima kuwe na C, benchimaki ya pili iliyo mbali, ambayo huitumii kufunga, unaitumia kukagua tu. Kwenye mfereji wetu C iko kilomita 5.4 kutoka A, kimo cha levo 1202.330, h 1185.614, N -17.061. Kati ya A na C jioidi inashuka 0.319. Ukifanya vizuri C inatoka 1202.349, imezidi milimita 19. Ukisahau jioidi kabisa inatoka chini kwa 0.300. Ukiitoa mara mbili inatoka juu kwa 0.338. Ukigeuza alama, yaani ukafanya h + N, inatoka chini kwa 0.619. Umeona, kosa lenyewe linajitaja jina: gawanya tofauti ya C kwa ile 0.319, ukipata karibu moja au mbili, shida iko kwenye N, usihangaike na antena wala satelaiti.

Na zile milimita 19? Hapa wengi wanakimbilia kuinamisha uso wa jioidi ili C nayo ikae sawa, mimi siwashauri. RTK, yaani rova ikisahihishwa papo hapo na besi, risiva nyingine iliyosimama mahali pamoja, kwa kimo inayumba milimita 15 hivi kwa kila pointi, kwa hiyo tofauti ya pointi mbili inafika 20 bila kosa la mtu, na levo ya kawaida yenye kikomo cha milimita 12 mara kipeuo cha pili cha kilomita ingekuruhusu karibu 28 kwa umbali huo. Rudi C saa nyingine, satelaiti zikiwa zimeshahama, usimamishe rova upya, upime kimo cha antena upya. Tofauti ikibaki palepale ndo ufikirie kuinamisha, tena uwe na benchimaki 4, maana 3 zinatosha kutengeneza bapa lililoinama lakini hakuna inayobaki kukwambia kama bapa lenyewe ni la kweli. Na usiende nje ya eneo lililozungukwa na hizo benchimaki, huko nje bapa linaendelea kuinama tu bila mtu wa kulizuia.

Kuna kazi ambazo bado nachukua levo: nikitakiwa milimita chache ndani ya mita 200, mfano sakafu au bomba lenye mteremko mdogo, jioidi haina neno pale lakini ule mtikisiko wa milimita 15 wa RTK unakula mteremko wote. Naleta kimo kwa GPS hadi kwenye saiti, naweka pointi mbili tatu, halafu ndani napiga levo kutoka hapo.

Na ukihamisha besi ukaiwasha kwa nafasi iliyojikadiria yenyewe, ile 0.326 ya jana imekufa, kwa sababu h ya besi mpya inaweza kuwa imepishana na ya jana kwa mita kadhaa. Anza tena na A, kisha C, ndo upime kingine.